Kusitisha mkataba kwa nguvu isiyozuilika: tukio unalielezaje, na unaambatanisha nini?

Mikataba mingi ina kipengele, mara nyingi kuelekea mwisho, kinachozungumzia nguvu isiyozuilika au "sababu zilizo nje ya uwezo wa wahusika". Maana yake ni tukio ambalo hukulisababisha, hukuweza kulitazamia wakati wa kutia saini, na ambalo hata ungejitahidi vipi usingeweza kuyakwepa madhara yake. Bei kupanda si nguvu isiyozuilika. Wala kukosa fedha za kulipa.

Wengi hawajui kwamba tukio peke yake kwa kawaida halivunji mkataba, bali linakusamehe kuchelewa kwa muda. Haki ya kusitisha huja baadaye, kizuizi kikidumu siku zilizotajwa. Katika kipengele cha mfano cha Chama cha Kimataifa cha Biashara cha mwaka 2020, siku hizo ni 120. Mkataba wako unaweza kuwa na 60 au 90, kwa hiyo usome kwanza kabla ya kushika kalamu.

Tuchukue karakana iliyoahidi milango 400 ya mbao ifikapo tarehe 30 Juni. Mkataba unataka taarifa ndani ya siku 14 tangu tukio, na unaruhusu kusitisha kizuizi kikizidi siku 90 mfululizo, kwa notisi ya siku 7. Milango 150 ilikwisha kupelekwa. Tarehe 12 Aprili mto ukafurika, maji yakaingia karakanani, na siku hiyohiyo mamlaka ya mji ikafunga jengo mpaka msingi ukaguliwe.

Barua dhaifu ingesema: "Kutokana na mvua kubwa zinazoendelea kunyesha, tumeshindwa kutimiza mkataba." Msomaji atauliza: mvua gani, lini, na mvua inazuiaje randa kufanya kazi? Mvua hunyesha kila mwaka. Kilichomzuia fundi ni amri ya kufunga jengo, na hiyo ndiyo ya kuandikwa:

"Tarehe 12 Aprili maji ya mto yaliingia karakanani kwa kina cha mita 1.2. Siku hiyohiyo mamlaka ya mji ilitoa amri ya kufunga jengo, nayo ingali inatumika. Mashine zote za kutengeneza milango zimo humo na haturuhusiwi kuingia. Kwa sababu hiyo hatuwezi kutengeneza milango iliyobaki. Tuliomba karakana nyingine tatu zitusaidie: mbili hazina mashine za ukubwa unaotakiwa, ya tatu ilitengeneza milango 40 tuliyoipeleka tarehe 2 Juni. Imebaki 210."

Angalia sentensi ya "kwa sababu hiyo". Inafunga tukio na wajibu mmoja mahususi, na hapo ndipo barua nyingi hukatika: mwandishi anaeleza maafa kwa uchungu, kisha anasahau kuonyesha kwamba ni maafa hayo, si uzembe wake, yaliyozuia kazi. Sentensi ya karakana tatu nayo inajibu swali ambalo upande wa pili utaliuliza hata usipolitaja: ulijaribu njia nyingine?

Viambatisho vifuate sentensi za barua, kila dai na karatasi yake. Amri ya kufunga jengo ndiyo ya kwanza. Kisha picha zenye tarehe zikionyesha alama ya maji ukutani, majibu ya zile karakana tatu, hati za kupokelewa kwa milango 190, na taarifa ya kwanza uliyoituma Aprili pamoja na uthibitisho kwamba ilipokewa kabla ya tarehe 26. Ongeza ratiba ya kazi inayoonyesha ulikuwa unakwenda na wakati kabla ya mafuriko. Kama ulikuwa umechelewa tayari, mwenzako atasema maji yamekukuta umeshashindwa.

Kila karatasi isome yote kabla ya kuituma. Ripoti ya bima inayosema mtaro wako mwenyewe ulikuwa umeziba itaiangusha barua nzima. Kuificha si dawa, kwani shauri likienda mbele yaelekea itaombwa. Afadhali uijue mapema na upate ushauri wa mwanasheria. Malipo ya awali nayo uyaweke wazi katika jedwali fupi: kilicholipwa, kilichopelekwa, na tofauti inayorudishwa kwa mujibu wa mkataba.

Sasa hesabu siku. Ukianza na 12 Aprili, siku ya 90 ni 10 Julai, kwa hiyo notisi ya kusitisha itolewe kuanzia tarehe 11, nayo ianze kufanya kazi siku 7 baadaye. Ukiituma tarehe 5 kwa haraka, wewe ndiye utakayedaiwa kuvunja mkataba. Na kama jengo lingefunguliwa tarehe 9, haki ya kusitisha isingekuwapo: ungerudi kazini kumalizia milango 210, huku kuchelewa kwako kukisamehewa kwa siku zile jengo lilipofungwa tu.