Uwajibikaji wa kamanda: alijua nini, na akafanya nini?

Askari wakiua, wakibaka au wakipora, wa kwanza kujibu ni wao wenyewe. Sheria ya kimataifa ya jinai haiishii hapo. Inamgeukia pia aliyekuwa akiwaongoza, hata kama hakutoa amri, hakuwepo na hakugusa silaha. Hiyo ndiyo dhana ya uwajibikaji wa kamanda. Aliyeamuru uhalifu anashtakiwa kwa kifungu kingine. Huyu anashtakiwa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuzuia au kuadhibu, na hakuutumia.

Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, dhana hii imo katika ibara ya 28 ya Mkataba wa Roma. Mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwanza kwamba askari waliotenda uhalifu walikuwa chini ya amri na udhibiti halisi wa mshtakiwa. Cheo kilichoandikwa kwenye karatasi hakitoshi: swali ni kama akisema "rudini" wanarudi. Pili, kwamba alijua, au kwa hali ilivyokuwa alipaswa kujua, kuwa uhalifu unatendeka au uko karibu kutendeka. Tatu, kwamba hakuchukua hatua zote za lazima na za busara zilizokuwa ndani ya uwezo wake ili kuzuia, kukomesha, au kulifikisha suala kwa mamlaka husika wachunguze na kushtaki.

Sharti la kujua lina historia chungu. Jenerali Tomoyuki Yamashita wa Japani alihukumiwa mjini Manila mwaka 1945 kwa ukatili wa askari wake nchini Ufilipino, akanyongwa mwaka 1946. Tangu wakati huo wanasheria wengi wameilaumu hukumu ile kwa kutoeleza waziwazi kamanda huyo alijua nini, wakati mawasiliano yake na vikosi yalikuwa yamevurugwa na vita. Ndiyo maana leo haitoshi kusema uhalifu ulienea mno hata isiwezekane kiongozi asijue. Majaji wanataka kuona habari zilimfikiaje.

Kesi inayoonyesha vizuri zaidi jinsi masharti haya yanavyopimwa ni ya Jean-Pierre Bemba. Mwaka 2002 alikuwa kiongozi wa chama cha waasi cha MLC, chenye jeshi lake, kaskazini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Rais Ange-Félix Patassé wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, akikabiliwa na uasi wa Jenerali François Bozizé, aliomba msaada. Bemba akavusha wapiganaji wake ng'ambo ya mto Ubangi mwishoni mwa Oktoba, na hawakuondoka hadi Machi 2003. Raia waliokutana nao waliuawa, walibakwa na kuporwa nyumba kwa nyumba.

Bemba mwenyewe alibaki Kongo kwa sehemu kubwa ya muda huo. Basi mahakama ilijuaje kwamba alijua? Haikuhitaji mtu aliyesikia akikiri. Kulikuwa na madaftari ya mawasiliano ya redio ya jeshi lake, rekodi za simu za setilaiti kati yake na kamanda wake aliyekuwa Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, na taarifa za vyombo vya habari vya kimataifa vilivyotangaza ubakaji na uporaji huo wakati ukiendelea. Kubwa kuliko yote ni kwamba yeye mwenyewe alizijibu tuhuma hizo. Alikwenda Bangui Novemba 2002, akawahutubia askari wake, na kuagiza uchunguzi. Huwezi kuunda tume kuhusu jambo usilolijua. Mwezi Machi 2016 majaji watatu wa awali, yaani waliosikiliza kesi yenyewe, walikubaliana kwamba alijua, wakamtia hatiani. Juni akapewa kifungo cha miaka 18.

Hatua zile zile zilizothibitisha kwamba alijua zikawa utetezi wake katika sharti la tatu, na hapa ndipo kesi ilipopinduka. Mawakili wake walisema: mtu aliyekaa kimya hafanyi haya. Majaji wa awali walizichambua moja moja. Mfano ni kesi ya kijeshi iliyofanyika Gbadolite, makao ya MLC. Walioshtakiwa walikuwa askari saba wa vyeo vya chini, kwa kosa la kupora fedha na vitu vidogo vidogo. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kubaka wala kwa kuua, ingawa tuhuma hizo zilikuwa zimetangazwa. Uchunguzi nao haukuwagusa makamanda. Kwa majaji hao, zilikuwa hatua pungufu mno, na sehemu ya lengo lake ilikuwa kulinda sura ya chama chake.

Juni 2018 Kitengo cha Rufaa cha ICC kikamwachia huru, majaji watatu dhidi ya wawili. Walisema, pamoja na mambo mengine, kwamba sehemu kubwa ya matendo aliyotiwa hatiani kwayo haikuwemo katika mashtaka yaliyothibitishwa na majaji kabla ya kesi kuanza. Kuhusu hatua, walisema kamanda hatakiwi kufanya kila linalowezekana kufikirika. Anapimwa kwa aliyoweza kuyafanya wakati ule, si kwa orodha inayotungwa miaka mingi baadaye na mtu anayejua mwisho wa mambo. Walisema majaji wa awali hawakuzingatia vya kutosha ugumu wa kamanda aliye mbali, ambaye askari wake wako nchi ya kigeni na anahitaji ushirikiano wa serikali ya huko ili kuchunguza. Tena hawakushughulikia ushahidi kwamba aliiandikia serikali hiyo kuomba uchunguzi. Na kutaka kulinda sura ya chama, peke yake, hakufanyi hatua kuwa bure.

Kanuni ya kutomhukumu mtu kwa jambo lililokuwa nje ya uwezo wake ni ya haki kabisa. Ninachoona kigumu kukubali ni uzito uliopewa umbali. Kamanda mwenye simu ya setilaiti, anayeweza kuvuka mto kwenda kukagua vikosi na mwenye uwezo wa kuwarudisha nyumbani, hayuko mbali kwa namna ile Yamashita alivyokuwa. Waathirika zaidi ya 5,000 walishiriki katika kesi hii, na baada ya rufaa hakuna fidia ya mahakama iliyoweza kuamriwa dhidi yake.

Kiongozi wa kiraia, kama waziri, ana kipimo kilicho juu kidogo upande wa kujua: haitoshi kwamba alipaswa kujua, lazima awe alijua, au alizipuuza kwa makusudi taarifa zilizoonyesha wazi kinachotendeka. Makosa yenyewe nayo yawe yanahusu shughuli zilizo chini ya mamlaka yake.

Limebaki fundo moja ambalo kesi ya Bemba haikulifungua. Ibara ya 28 inataka uhalifu uwe umetokea kwa sababu kamanda hakusimamia ipasavyo. Kwa aliyeshindwa kuzuia, hilo linaeleweka. Lakini aliyeshindwa kuadhibu ameshindwa baada ya uhalifu kutendeka. Uzembe wa leo hauwezi kusababisha mauaji ya jana. Mwaka 2009, wakati wa kuthibitisha mashtaka, majaji walijibu kwamba sharti hilo linahusu wajibu wa kuzuia tu. Wengine wanasema askari asipoadhibiwa kwa kosa la kwanza, la pili linatokana na ukimya huo. Majaji wa rufaa waliandika maoni tofauti tofauti juu ya jambo hili, wala hawakufikia jibu moja la kuifunga mahakama katika kesi zinazofuata.