Jua la saa nane na mwale wa moshi

Ukumbi ninaousimulia upo Dar es Salaam: urefu mita 48, upana mita 28, bati liko mita 12 juu ya sakafu. Niliitwa kwa sababu paneli ya kengele ya moto ilikuwa ikilia hitilafu kila mchana, na kufika jioni inanyamaza yenyewe. Fundi aliyefunga vifaa alikuwa ameshapanda juu mara tatu. "Injinia, kila nikipanda asubuhi nakuta kiko sawa," akaniambia. Nilimwamini. Tatizo lilikuwa hapohapo kwenye neno asubuhi.

Kwa asiyekijua kifaa chenyewe, yaani kitambua moshi cha mwale, nieleze kidogo. Kitambua moshi cha kawaida, kile cha duara kinachobandikwa darini, hungoja moshi ukifikie. Kwa kanuni za Uingereza, BS 5839-1, ambazo wengi wetu huzifuata, mwisho wake kwa matumizi ya kawaida ni dari la mita 10.5. Juu ya hapo tunatumia cha mwale: kichwa kimoja ukutani kinarusha mwale wa mwanga usioonekana kwa macho, kiakisi kilichoko ukuta wa pili kinaurudisha, na kichwa kinapima kiasi gani kimerudi. Moshi ukikata, tuseme, asilimia 35 ya mwanga kwa sekunde kadhaa, paneli inatangaza moto. Mwale mmoja hulinda mita 7.5 kila upande, kwa hiyo upana wa mita 28 unatoshwa na miale miwili, kila mmoja mita 7 kutoka ukuta wake. Kimo chake ni ndani ya milimita 600 kutoka kwenye dari. Yote haya fundi alikuwa ameyafanya vizuri.

Niliomba kamba ndefu na vipimajoto, tukavifunga kimoja kila mita, tukavuta kamba mpaka kwenye kenchi. Saa moja asubuhi joto lilikuwa karibu sawa kuanzia chini hadi juu. Saa nane mchana hewa ilikuwa nyuzi 31 kutoka sakafuni mpaka kama mita 9, kisha ikaruka: 38 kwenye mita 10, 45 chini ya bati. Huo ndio mfuniko. Bati limepikwa na jua, limepasha hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo nyepesi haina sababu ya kushuka.

Sasa mfikirie moshi. Unapanda kwa sababu una joto kuliko hewa inayouzunguka, lakini njiani unameza hewa baridi na kupoa. Kwa moto mdogo ulio chini, ongezeko la joto katikati ya nguzo ya moshi hukadiriwa hivi:

```
ΔT = 25 × Q^(2/3) ÷ z^(5/3)
```

Q ni joto linalopanda na moshi, kwa kilowati, na z ni kimo kwa mita. Chukua kilowati 20, moto wa kikapu cha taka hivi. Kwenye mita 9 unapata nyongeza ya nyuzi 4.7 tu, yaani moshi una nyuzi kama 36. Unaingia kidogo kwenye mfuniko, unakutana na hewa yenye joto sawa na lake kabla ya mita 10, unaishiwa nguvu na kutandaa kando kama ukungu wa bondeni. Miale yetu iko mita 11.6. Haioni kitu.

Ili moshi ufike mita 9 ukiwa na nyuzi 45, hesabu ileile inadai kilowati 100 hivi. Moto wa mara tano. Kama ni moto unaokua kwa miali, tofauti hiyo inaweza kuwa suala la dakika moja, na mimi siipotezei usingizi. Kinachonisumbua ni sponji au gunia linalofuka bila kuwaka. Hilo linaweza kukaa muda mrefu bila kutoa joto la kutosha kuutoboa mfuniko, huku ukumbi ukijaa harufu na watu wakitazamana.

Jawabu linalokuja haraka ni kuongeza miale chini ya mfuniko, tuseme mita 8. Hapa ndipo wengi hukosea. Ule upana wa mita 7.5 unapatikana kwa sababu dari huusambaza moshi pembeni. Hewani hapana dari. Nguzo ya moshi ikipanda ina unene wake tu, na mwale usipopita ndani yake umepita hewa safi. Ndiyo maana kanuni hiyohiyo, kwa mwale wa ziada wa kimo cha chini, inatoa asilimia 12.5 tu ya kimo kutoka mahali moto unapoweza kuanzia, kwa kila upande. Kwa mita 8 ni mita 1 kulia na mita 1 kushoto. Kuufunika ukumbi mzima ungehitaji miale 14. Hakuna mteja atakayelipa, nami nisingemshauri alipe.

Tulichofanya ni kuuliza moto mdogo utaanzia wapi. Viti vya sponji hupangwa ukutani upande mmoja, safu ya upana wa mita 1.4, kimo mita 2. Kutoka juu ya viti hadi mwale ni mita 6, kwa hiyo kila upande ni mita 0.75, jumla mita 1.5. Mwale mmoja, juu ya katikati ya safu, unatosha kwa shida. Uko mita 0.7 kutoka ukutani. Usiusogeze karibu zaidi ya nusu mita. Ile miwili ya juu ilibaki, maana usiku na asubuhi hakuna mfuniko.

Na hitilafu ya mchana? Jua lilelile. Vichwa vilikuwa vimefungwa kwenye papi za chuma. Chuma hujinyoosha kikipata joto: kenchi ya mita 28 ikipanda nyuzi 25 huongezeka milimita 8 hivi, na papi inapinda nayo. Kitako cha kichwa kina upana wa milimita 150. Upande mmoja ukisukumwa milimita 1 tu, kichwa kinageuka karibu nyuzi 0.4 za pembe, na mwisho wa mita 48 mwale umehama sentimita 32. Vichwa vingi vya aina hii huvumilia kama nusu nyuzi. Kiakisi kina huruma zaidi: prizimu zake hurudisha mwanga ulikotoka hata kikiinama nyuzi kadhaa. Kwa hiyo ukiwa na sehemu moja tu imara, kipe kichwa.

Kosa la pili lilikuwa la kulenga. Fundi alizungusha skrubu mpaka taa ikaonyesha ishara ipo, akaacha. Alikuwa ameupata ukingo wa mwale, si katikati. Lenga hivi: peleka mwale kushoto mpaka ishara ipotee, kisha kulia mpaka ipotee, hesabu mizunguko na urudi nusu. Fanya vivyo hivyo juu na chini. Halafu funika kiakisi chote kwa kitambaa cheusi. Ishara isiposhuka karibu na sifuri, unasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye bati au bomba linalong'aa, na moshi hautauzuia ipasavyo.

Tulivihamisha vichwa kwenye nguzo za zege na kulenga upya. Siku hizi nasoma ishara mara mbili, saa moja asubuhi na saa nane mchana, na kuandika namba zote mbili ndani ya mlango wa paneli. Pale ukumbini zilitofautiana kwa asilimia 3. Wiki iliyofuata ikalia hitilafu tena: maputo ya harusi yalikuwa yamepaa hadi kwenye mwale wa upande wa kaskazini.