Waranti ya mashine ya kutoka nje: kurekebisha, kubadilisha na kurudishiwa pesa zisiandikwe kwa sentensi moja

Kuna sentensi moja utaikuta kwa waranti nyingi sana za mashine za kutoka nje, na ndio inayoumiza watu huku kwetu Malindi na Lamu. Inasema hivi, kwa Kiswahili chetu: "Mashine ikipatikana na kasoro ya kiwandani, muuzaji kwa hiari yake atairekebisha, ataibadilisha ama atarudisha bei." Ukiisoma haraka unahisi una haki tatu. Huna, una moja, na anaechagua ni muuzaji, na atachagua ile nafuu kwake, yaani kurekebisha, na hakuna palipoandikwa atarekebisha mara ngapi wala kwa siku ngapi.

Tuchukue mashine ya barafu, manake ndio zinazoletwa sana na wanunuzi wa samaki. Tuseme mama wa Malindi kanunua moja kutoka China kupitia ajenti wa Mombasa. Bei ya kiwandani 620,000, meli na ushuru na VAT na kutoa mzigo bandarini na lori 240,000, fundi wa kuifunga 40,000. Jumla 900,000. Waranti miezi 12. Mwezi wa tano wa kazi kompresa inaungua. Ajenti analeta kompresa nyingine, fundi anaifunga siku moja, barafu inatoka, watu wanashukuru. Wiki tatu baadae imeungua tena. Anapiga simu, anaambiwa tutakuletea ya tatu, subiri mzigo ujao.

Hapa ajenti hajavunja mkataba hata kidogo! Ameahidi kurekebisha na anarekebisha. Shida ni kwamba mkataba unahesabu kitendo cha fundi, hauhesabu kama barafu inatoka. Na mafundi wa friji wanajua kompresa ikiungua ndani ya mota inaacha asidi kwa mafuta na kwa mabomba, kwa hivyo ukifunga mpya bila kusafisha mfumo, bila kubadilisha ile filta ya kukausha na kuvuta hewa yote kwa pampu, hio mpya nayo inakula asidi ya mwenzake na inakufa. Kwa hivyo ukiona spea ile ile imekufa mara mbili kwa muda mfupi, usikimbilie kusema spea ni feki, uliza kwanza kama chanzo kiliondolewa, na pia umeme wako ulipimwa au la. Stima ikishuka sana mota inavuta ampia nyingi na inachemka, na hio muuzaji atasema ni kosa lako, na mara nyingi waranti inamuunga mkono. Weka kilinzi cha volteji na uwe na karatasi ya fundi ya vipimo vya siku ya kuwashwa, ndio utakua na la kujibu.

Sasa kipengele cha kurekebisha kiandikwe peke yake, na kiwe na matokeo: "Muuzaji atatoa spea na fundi na usafiri kwa gharama yake, na mashine itahesabiwa imetengenea ikitoa kilo zilizoandikwa kwa siku, saa 72 mfululizo." Halafu kikomo: kasoro ile ile ikirudi mara ya pili, ama mashine ikilala siku 21 kwa jumla, mnunuzi ana haki ya kwenda hatua ya pili, yaani kubadilishiwa. Hizo namba si za sheria, ni za kujadiliana, mtu wa Kizingitini au Faza atataka siku zaidi manake spea inafika Mokowe kwa gari halafu inapanda boti, na fundi vile vile. Neno usafiri hapo usiliachie, nimeona waranti za "spea bure" ambapo mteja alilipa nauli na malazi ya fundi mpaka spea yenyewe ikaonekana rahisi.

Kubadilisha ndio penye mtego mkubwa zaidi, na watu hawauoni. Waranti nyingi zikisema kubadilisha zinamaanisha kile kipande kilichoharibika, si mashine. Na kipande chenyewe kinaweza kuwa kilichokarabatiwa kama hujaandika kiwe kipya. Kwa hivyo andika mbili tofauti, kubadilisha kipande, na kubadilisha mashine nzima kwa modeli ile ile au bora kuliko ile. Halafu uliza nani analipa meli na ushuru wa hio mashine ya pili, manake forodha hawasemi kwa vile umepewa bure basi ipite bure, mzigo unathaminiwa tu. Kama mkataba umenyamaza, hio 240,000 unaweza kujikuta unailipa tena. Na saa ya waranti je? Nyingi zinasema kilichobadilishwa kinaendelea na muda uliobaki. Wewe omba ianze upya, ukikataliwa omba angalau miezi sita kwa kipande kipya.

(Na hapo kwa saa, angalia waranti inaanza lini. Zingine zinaanza siku mzigo ulipopakiwa melini. Mpaka ifike Mombasa, itoke bandarini, ipande lori, ifungwe, miezi mitatu imeenda na hujaona hata kipande cha barafu. Omba ianze siku ya kuwashwa.)

Kurudishiwa pesa ni rahisi kuelewa na ngumu kupata. Ukiambiwa utarudishiwa "bei", ni bei gani? Kwa mama wetu huyu "bei" kwa maana ya kiwanda ni 620,000, zile 280,000 zingine zimezama. Wengine wanakata matumizi, tuseme asilimia 2 kila mwezi wa kazi, ambayo kwa miezi sita ni 12, inabaki 545,600. Makato si dhulma, mashine imemfanyia kazi, lakini yaandikwe kwa hesabu inayoonekana na sio "makato yanayofaa". Andika pia pesa zirudi ndani ya siku ngapi, na nani anaing'oa na kuirudisha ile mbovu, manake wapo wanaotaka uipeleke kiwandani China kwa gharama yako kwanza.

Kuhusu sheria, ile ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze kitu cha ubora unaouzika, ila inaruhusu watu kuondoa sharti hilo kwa makubaliano, na ndio sababu ya ile aya ya herufi ndogo inayosema "waranti hii inachukua nafasi ya masharti mengine yote". Ile ya Kulinda Walaji ya 2012 haikubali haki zake zifutwe kwa mkataba, lakini ukiwa umenunua kwa biashara wakili wa upande wa pili atabisha kwamba wewe si mlaji, kwa hivyo usiitegemee peke yake, pambana na maneno ya waranti kabla hujalipa.

Na jina la anaetoa waranti liwe la ajenti aliyeko Kenya, sio kiwanda peke yake. Dai lisilozidi milioni moja linaingia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaipa siku 60 kuamua, na ajenti wa Mombasa ataitwa hapo, lakini kiwanda cha Guangdong utakiita vipi? Kama ajenti anakataa kuweka jina lake, mwambie abakishe asilimia 10 ya bei mkononi mwako mpaka siku 90 za kazi ziishe. Wengi wanakubali hapo hapo kuweka jina.