Huwezi kughairi ofa usiyoikubali

Kughairi ni kubadili nia uliyokwisha kuwa nayo, au kuachana na jambo ulilokwisha kuliafiki. Maana ni hiyo tu. Ningeishia hapo, ila wiki hii nimeletewa tena barua pepe ya mtu anayekataa kazi, na ndani yake mna "kughairi". Ni ya tatu kuiona.

Aliyeiandika ni rafiki yangu. Alinionyesha simu yake baada ya mwajiri kumjibu kwa swali fupi: "Je, mkataba uliokwisha kusaini uko wapi?" Hakuwa amesaini chochote. Alikuwa ameandika hivi:

"Habari. Napenda kuchukua fursa hii kuwashukuru kwa ofa ya kazi ya uhasibu. Baada ya kutafakari, nimeamua kughairi ofa hiyo. Naomba radhi kwa usumbufu wote. Nitawafikiria siku nyingine."

Adabu imo, na nia ni njema. Lakini msomaji aliyekaa ofisini anaona "kughairi" na anaanza kupekua faili, kwa sababu neno lenyewe linamwambia kwamba huyu aliwahi kukubali.

Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi unaobeba maana ya kitu kingine, kitu tofauti. Ndugu yake tunaye katika "bighairi ya", yaani bila ya, pasipo. Anayeghairi alikuwa upande mmoja, sasa yuko upande mwingine. Kama hakuwahi kusimama popote, hana pa kuhama. Ulipanga safari ukaivunja asubuhi yake: umeghairi. Uliambiwa twende ukasema siendi: umekataa, hukughairi.

Kuna na kosa la pili ndani ya lile la kwanza, nalo ndilo linalonikera zaidi. Ofa ni ya nani? Ni ya aliyeitoa. Mwajiri ndiye anayeweza kughairi ofa, akaiondoa mezani kabla hujajibu. Wewe uliyepewa unaipokea au huipokei. Ukiandika "nimeghairi ofa yenu" umechukua kitendo cha mwenzako ukakifanya chako. Ungekuwa umekwisha kukubali kisha ukarudi nyuma, ungeghairi uamuzi wako, au ungejitoa kwenye mkataba, na hapo kweli mngekuwa na mengine ya kuzungumza, yakiwemo ya notisi.

(Wapo pia wanaolichanganya na kuahirisha. Hilo nalo ni la Kiarabu, ila mzizi wake ni ule ule wa "ahera": cha mwisho, cha baadaye. Aliyeahirisha bado anakuja.)

Sasa, kwa nini watu wanalikimbilia? Nadhani ni kwa sababu "nakataa" linawakwaruza. Wana haki. "Nakataa ofa yenu" ni Kiswahili sanifu kabisa, lakini kwenye barua linasikika kama mlango uliobamizwa. Dawa yake ni kitenzi "kupokea" kikanushwe na kulainishwa kwa "-weza": "sitaweza kuipokea". Hapo umesema hapana isiyo na shaka, na hujamsukuma mtu. "Naomba nisiipokee" ni laini zaidi, ila inamfanya mwajiri aonekane kama anasubiriwa atoe ruhusa.

Mengine ni madogo. Radhi huombwa na aliyekosa, na kutotaka kazi si kosa, kwa hiyo "nasikitika" inatosha. "Napenda kuchukua fursa hii" iondoke, shukuru moja kwa moja. "Nitawafikiria" nayo igeuzwe, maana hayo ni maneno ya anayeajiri, si ya anayeajiriwa. Sababu ya kukataa si lazima. Ukiitaja, iwe sentensi moja inayokuhusu wewe, si mshahara wao.

Tulipomaliza ikawa hivi:

"Habari. Nawashukuru kwa kunichagua kwa kazi ya uhasibu na kwa muda mlionipa kwenye usaili. Nimeitafakari ofa yenu, na nasikitika kwamba sitaweza kuipokea, kwani nimeamua kubaki kwenye kazi niliyo nayo. Nawatakia kila la heri katika kumpata anayefaa, na nitafurahi tukikutana tena siku nyingine."

Kwa kuwa ile ya kwanza ilikwisha kwenda, alitanguliza mstari mmoja wa kujibu swali la mkataba, nami ningemshauri hivyo hivyo yeyote aliyeteleza mahali hapo: "Samahani, nilitumia neno lisilo lake; sikuwa nimekubali wala kusaini, nilikusudia kusema kwamba sitaweza kuipokea ofa."