Dakika 40 za kwenda shule si dakika 40 za kurudi nyumbani: hesabu ya eneo la shule kwenye barabara za udongo

Watu wengi wakiambiwa wachore eneo linalohudumiwa na shule wanachukua kalamu, wanazungusha duara la kilomita 2 kwenye ramani, kazi imeisha. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwa Usangu kule chini kwenye mashamba ya mpunga duara linaweza lisikuangushe sana. Lakini panda Uporoto, nenda Ileje, Makete au Kilolo ndani ndani, utakuta kijiji kiko ng'ambo ya korongo, mwalimu anaona moshi wa jikoni kwao akiwa amesimama uwanjani, na mtoto wa hapo bado anachelewa namba kila siku. Kwa hiyo hapa kwenye kitengo chetu cha ramani tunahesabu kwa muda wa kutembea kupitia njia zenyewe, na leo nataka nieleze sehemu inayowasumbua wengi, yaani namna ya kuipa kila njia dakika zake, hasa njia ambazo hazina lami.

Kompyuta haijui barabara, inajua vipande na makutano. Kila kipande kina mwanzo, mwisho na gharama, na gharama yetu ni dakika. Programu inaanzia shuleni, inajumlisha dakika kipande kwa kipande kwa njia fupi kuliko zote, inapofika kikomo ulichoweka inasimama. Kazi hiyo inaifanya ndani ya sekunde chache. Wewe ndo wa kutoa jasho kwenye zile dakika, na hapo ndo ramani nyingi zinaharibika.

Tuchukue shule ya mfano, shule ya msingi iliyo juu ya mgongo wa mlima, na kitongoji kilicho chini yake mita 180. Ukipima kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1.5 tu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni barabara: kilomita 1.5 za changarawe tambarare, halafu kilomita 1.2 za udongo mwekundu zinazopanda kwa asilimia 15. Ya pili ni njia ya mkato ya miguu, kilomita 1.7, inashuka mita 400 za njia kwenda mtoni kwa asilimia 20, mnavuka kwenye gogo, halafu inapanda kilomita 1.3 kwa asilimia 20 hiyo hiyo hadi shuleni. Kikomo chetu tuseme dakika 40.

Kwa mwendo wa miguu tunatumia fomula ya Waldo Tobler, mwanajiografia wa Marekani, aliyoitoa mwaka 1993:

```
kasi = 6 * exp(-3.5 * abs(m + 0.05))
```

Hapo `m` ni mwinuko kwa desimali, yaani asilimia 15 unaandika 0.15, kupanda ni chanya kushuka ni hasi, na kasi inatoka kwa kilomita kwa saa. Tambarare inakupa 5.04. Kupanda asilimia 15 inashuka mpaka 2.98, ila ukiushuka mlima huo huo unapata 4.23. Kwa asilimia 20 ni 2.50 kupanda na 3.55 kushuka. Ona kwamba kushuka mlima mkali nako kunachelewesha kuliko tambarare, na aliyewahi kushuka Ukinga na viatu vya plastiki hahitaji fomula kulijua hilo.

Sasa piga hesabu. Kwa barabara, asubuhi: changarawe dakika 18, kupanda dakika 24, jumla 42. Jioni kurudi: kushuka dakika 17 na changarawe 18, jumla 35. Umeona? Barabara ni ile ile na mtoto ni yule yule, lakini kwenda yuko nje ya kikomo na kurudi yuko ndani. Na programu nyingi kwa kawaida zinahesabu kutoka shuleni kwenda nje, yaani zinakupa muda wa kurudi nyumbani, afu wewe unaandika juu ya ramani "muda wa kufika shuleni". Kwa shule iliyo mlimani ramani itapendeza kuliko ukweli, na kwa shule iliyo bondeni itakuwa kinyume.

Kama unatumia pgRouting, ile nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL inayotafuta njia, dawa yake ni ndogo sana, unabadilishana safu mbili. Tuseme `dk_mbele` ni dakika za kufuata mwelekeo wa mstari ulivyochorwa na `dk_nyuma` ni za kuurudi:

```sql
SELECT * FROM pgr_drivingDistance(
  'SELECT id, source, target,
          dk_nyuma AS cost,
          dk_mbele AS reverse_cost
   FROM njia_masika',
  1204, 40, true);
```

Namba 1204 ni nodi ya shule, yaani lile kutano la njia ilipo shule, 40 ni kikomo. Kwa kugeuza gharama hivyo, programu inatembea kutoka shuleni kwenda nje lakini inalipa bei ya anayekuja shuleni. Kwenye QGIS ya kawaida, programu ya bure ya kutengeneza ramani, kile kifaa cha `Service area (from point)` kinapokea kasi moja tu kwa kila mstari, kwa hiyo inabidi uwe na nakala mbili za kila njia, moja ya kila upande, na uzitenganishe kwa `Direction field`. Inachosha, ila inawezekana.

Turudi kwenye njia ya mkato. Asubuhi: kushuka mtoni dakika 7 kasoro, kupanda dakika 31, jumla kama 38. Yuko ndani ya kikomo, safi. Ila hapa kuna mtego ambao hauonekani kwa macho. Ukiacha njia yote kama mstari mmoja na kuchukua kimo cha mwanzo na cha mwisho tu, kompyuta inaona kupanda mita 180 kwa mita 1,700, kama asilimia 10.6, inakupa dakika 29. Lile korongo limepotea lote, kushuka kumekula kupanda. Kwa hiyo lazima mistari ikatwe vipande vifupi kabla ya kusoma vimo. Sasa usije ukanogewa ukakata kila mita 10, kwa sababu vimo vya bure tunavyotumia wengi, vile vya SRTM vilivyopimwa kwa rada kutoka angani, pikseli yake ni kama mita 30 na kimo chenyewe kinaweza kukosea mita kadhaa, basi kwenye kipande cha mita 10 kosa la mita 4 linakuwa mlima wa asilimia 40 ambao haupo duniani. Sisi tunakata karibu mita 100. Ukitaka kujua kama umekosea, panga vipande kwa mwinuko uangalie vile vikali kuliko vyote: kama vimejaa kwenye barabara ambayo basi linapita kila siku, data yako ina kelele.

Halafu mvua. Huku kwetu msimu ni mmoja, unaanza kama Novemba unaenda mpaka Aprili au Mei, na shule zinafunguliwa Januari. Yaani darasa la kwanza anaanza masomo katikati ya tope. Ukichora ramani ya kiangazi pekee umechora shule ya likizo ya Juni, ndo maana kwa maoni yangu kama una muda wa kutengeneza ramani moja tu, tengeneza ya masika. Kwenye mfano wetu mto umejaa na gogo limeondoka, hiyo njia ya mkato inafutwa. Kwenye pgRouting unaweka gharama -1 pande zote mbili kwenye kile kipande cha gogo tu na yenyewe inahesabu kwamba hakipo, huna haja ya kufuta mstari. Inabaki barabara. Changarawe ikiwa imeshindiliwa na ina mitaro mwenda kwa miguu hapotezi sana, tuiache dakika 18. Udongo mwekundu uliolowa ni habari nyingine, nikiuzidisha kwa 0.7 ile kasi, dakika 24 zinakuwa 34 na nusu, jumla 52. Kitongoji kilichokuwa ndani kwa dakika 38 sasa kiko nje kwa dakika 12, na kwenye duara la kilomita 2 kilikuwa ndani mwaka mzima bila shida yoyote.

Hiyo 0.7 nimeiweka kwa ajili ya mfano, usiinakili kwenye ripoti yako. Tembea. Washa programu ya kurekodi njia kwenye simu, pita kipande kimoja cha udongo kiangazi na masika, gawanya. Na tembea na watoto, maana Tobler alikuwa anahesabu mtu mzima, mtoto wa darasa la pili hafikii kasi hiyo na anasimama njiani kuchuma matunda damu. Kwa magari na bodaboda tofauti ya uso wa barabara ni kubwa zaidi kuliko kwa miguu, kwa hiyo usichukue vizidisho vya miguu ukavipeleka kwenye pikipiki.

Aina ya uso tunaipata kwenye OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, kwenye alama ya `surface`, ila vijijini mara nyingi hapajajazwa kitu. Hapo QGIS inakuwa na tabia mbaya: mstari usio na kasi inaupa `Default speed`, ambayo ukiiacha ilivyo ni 50 km/h. Njia ya panya yenye miiba inakimbiwa kwa kasi ya basi! Utaijua haraka, eneo la shule linanyoosha vidole virefu kwenye vinjia vidogo kuliko kwenye barabara kuu. Weka 3 au 4 hapo kabla hujabonyeza chochote. Na kwenye `Travel cost` ukichagua `Fastest` inataka saa siyo dakika, kwa hiyo dakika 40 ni 0.67, ukiandika 40 mkoa mzima unageuka rangi moja.

Njia ulizorekodi mwenyewe kwa simu nazo haziungani na barabara za OpenStreetMap zenyewe tu. Zinakaribiana mita 3 na kwa kompyuta hiyo ni bahari. Eneo likikatika ghafla kwenye makutano wakati dakika bado zipo, kuza picha hapo, utakuta pengo. Zivute zikutane kwenye nodi moja, ila usiweke umbali mkubwa wa kuzivuta, kama mita 50, kwa uvivu, kwa sababu itaunganisha njia mbili za pande mbili za mto na utakuwa umejenga daraja.

Mwisho unapata nodi na dakika zake, na watu wanataka umbo la kupaka rangi. Usizungushie kamba nodi zote kwa nje, kwa sababu umbo hilo litameza korongo na nyumba za ng'ambo ambazo hazina njia. Sisi tunachukua kila nyumba, tunaiunganisha na kipande cha njia kilicho karibu, tunaongeza dakika za kutoka mlangoni mpaka njiani, nyumba inapata namba yake. Tobler mwenyewe alishauri kasi ya nje ya njia izidishwe kwa 0.6, na kwenye mashamba ya mahindi ya Februari hata hiyo naona ni ukarimu. Kabla ya kuipeleka ramani halmashauri, nenda nayo shuleni, waulize watoto wa darasa la sita wa kila kitongoji wanatoka nyumbani saa ngapi na wanafika saa ngapi, linganisha. Vitongoji vikitofautiana kidogo kidogo huku na huku, vizidisho vyako viko sawa. Vyote vya upande mmoja wa mto vikizidi kwa robo saa, kuna kivuko kwenye data yako ambacho masika hakipo.