«Veuillez», «merci de», «pourriez-vous»: dhana potofu kuhusu adabu ya barua pepe za kazi za Kifaransa

Goma, Lubumbashi na Bujumbura wamejaa watu wanaoongea Kiswahili na wenzao mchana kutwa, kisha wakikaa mbele ya kompyuta wanaandika Kifaransa. Sarufi wanaijua tangu shuleni. Lakini barua inaweza kuwa haina kosa hata moja la sarufi na bado ikamkera aliyeipokea. Mara nyingi chanzo ni dhana chache zinazorithishwa ofisini, kila mtu akinakili barua za aliyemtangulia.

Dhana: ukishaweka «s'il vous plaît», ombi limekuwa la heshima.

«Envoyez-moi le rapport, s'il vous plaît» bado ni amri. Kitenzi *envoyez* kimo katika hali ya kuamrisha, na «s'il vous plaît» iliyofuata nyuma inakilainisha kidogo tu. Ukiwa kaunta unanunua mkate haina shida. Kwenye barua kwa mtu usiyemzoea, au kwa mkuu wako, inasikika kavu.

Mfaransa huanza kurekebisha kwenye kitenzi chenyewe. Kwanza anageuza amri iwe swali: «Pouvez-vous m'envoyer le rapport ?» Halafu anakipeleka kitenzi kwenye hali ya masharti: «Pourriez-vous m'envoyer le rapport ?» Hatua hiyo ya pili inamwachia msomaji nafasi ya kusema hapana, hata kama wote wawili wanajua hatasema. Ndivyo pia «je veux» inavyokuwa «je voudrais», «j'aimerais» au, kwa urasmi zaidi, «je souhaiterais». «S'il vous plaît» unaweza kuiongeza juu ya hapo, ila kazi kubwa imeshafanywa na kitenzi. Na anayeandikiana na mwenzake kwa *tu* asidhani hali ya masharti ni ya wakubwa peke yao: «Tu pourrais m'envoyer le rapport ?» ndiyo lugha ya kawaida kati ya wafanyakazi wa dawati moja.

Dhana: «veuillez» na «merci de» ndizo adabu ya juu kabisa.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana maneno haya yanaonekana ya kiofisi na yenye hadhi. *Veuillez* ni hali ya kuamrisha ya kitenzi *vouloir*. Ni amri iliyovaa suti. Inafaa kabisa kwenye kauli zilizokwisha kuzoeleka, kama «Veuillez trouver ci-joint la facture» unapoambatisha ankara, au kwenye tangazo la watu wote. Lakini «Veuillez me répondre avant midi» kwa mkuu wa idara ni kumpangia kazi.

«Merci de m'envoyer le dossier» nayo inamshukuru mtu kwa jambo ambalo hajakubali kulifanya. Kati ya watu wa ngazi moja, kwa shughuli ya kila wiki, hakuna atakayeshtuka. Inapopanda ngazi, au inapokwenda kwa mteja, mlango wa kukataa unakuwa umeshafungwa, na msomaji analihisi hilo.

Unapohitaji urasmi wa kweli, njia ni «Je vous serais reconnaissant de bien vouloir m'envoyer le dossier», na mwandishi akiwa mwanamke, *reconnaissante*. Ipo pia «Je vous saurais gré de bien vouloir…». Angalia kitenzi chake: ni *savoir*, kwa hiyo *saurais*. Wengi huandika «je vous serais gré», wakiwemo Wafaransa wenyewe, na ni kosa. Kuna na jambo la mpangilio ambalo idara za serikali zenye desturi za zamani bado hulizingatia: wa chini humwandikia wa juu «de bien vouloir», wa juu humwandikia wa chini «de vouloir bien». Kwenye kampuni nyingi za leo tofauti hiyo imefifia. Anayeiandikia wizara afadhali ashike «bien vouloir», kwa kuwa hiyo haimuudhi yeyote.

Dhana: bosi akitumia hali ya masharti, amekuachia hiari.

«Il faudrait que le tableau soit prêt jeudi.» «Ce serait bien que vous appeliez le fournisseur.» Mgeni husoma hapo pendekezo, akasubiri aambiwe waziwazi. Alhamisi ikifika, anaulizwa jedwali liko wapi. Bosi alilainisha namna ya kusema, uzito wa agizo akauacha palepale. Tazama kama sentensi imetaja siku au saa. Ikiwa imetaja, ni kazi uliyopewa.

Dhana: kadiri unavyorundika ulaini, ndivyo heshima inavyozidi.

Chukua mhasibu wa Bukavu anayesubiri bajeti iliyosainiwa kutoka makao makuu Brussels. Aliomba wiki iliyopita, kimya. Rasimu yake ya kwanza:

> Bonjour Madame,
> Je n'ai toujours pas reçu le budget signé. Merci de me l'envoyer au plus vite.

Neno linalouma zaidi hapo ni *toujours pas*, lenye maana ya «mpaka leo hii sijapata». Ni lawama. *Au plus vite* inaongeza shinikizo, na haisemi lini. Akiogopa, anarukia upande wa pili:

> Je me permets de vous écrire afin de savoir s'il vous serait éventuellement possible, si cela ne vous dérange pas trop, de m'envoyer peut-être le budget.

Sasa ombi limezama. Msomaji haoni haraka iko wapi, anaifunga barua, anaendelea na yaliyo mezani. Tena ulaini mwingi namna hii kwa mtu unayefanya naye kazi kila mwezi unaweza kusomeka kama kejeli. Barua inayofaa ni hii:

> Bonjour Madame,
> Sauf erreur de ma part, je n'ai pas encore reçu le budget signé. Pourriez-vous me l'envoyer avant jeudi midi ? La banque en a besoin pour le virement de vendredi.
> Je vous remercie par avance.
> Bien cordialement,

*Sauf erreur de ma part* inakubali kwamba huenda barua ilifika na yeye hakuiona. *Pas encore* haimlaumu mtu. Kitenzi cha masharti ni kimoja tu, kwenye ombi lenyewe. Tarehe na sababu vimebaki wazi bila kulainishwa, na hivyo ndivyo vitakavyomfanya yule mama aichukue kalamu.

Dhana: herufi moja haibadilishi kitu.

«Je vous serai reconnaissant» ni wakati ujao, «je vous serais» ndiyo hali ya masharti. Mtihani rahisi ni kubadilisha nafsi: ukisikia *nous serions*, andika *s*. Na baada ya *si* ya sharti usitie masharti tena. Ni «Si vous pouviez m'envoyer le document, je vous en serais reconnaissant», kamwe si «si vous pourriez».

Dhana: hali ya masharti inafaa mpaka mwisho.

Ukumbusho wa kwanza huandikwa «Je me permets de revenir vers vous». Wa tatu hauombi tena. Mhasibu wetu akifika Alhamisi asubuhi bila jibu, aeleze mambo yalivyo: «Sans le budget signé à midi, le virement ne pourra pas partir vendredi.» Wakati ujao mtupu, bila *pourrait*, na nakala kwa mkuu wake.