Pengo la miezi 14 kwenye wasifu: liandikwe vipi?

Kati ya wasifu tunaoletewa dawati la ushauri wa ajira ili tuupitie, mwingi una ugonjwa mmoja: tarehe zilizoandikwa kwa mwaka pekee. "2018–2021, mtunza stoo. 2022 hadi sasa, karani wa mauzo." Ukisoma haraka, kazi hizo mbili zinaonekana kufuatana. Msaili mzoefu hasomi haraka. Swali lake la kwanza huwa: uliondoka mwezi gani?

Tuchukue mfano wa dada aliyeacha stoo Juni 2021 na kuanza kazi ya pili Septemba 2022. Katikati pana miezi 14. Baba yake alipata kiharusi, naye ndiye aliyemuuguza. Marafiki walimshauri asogeze mwisho wa kazi ya kwanza hadi Desemba, au ajiite "mshauri wa kujitegemea" kwa kipindi hicho. Ushauri wote huo ni mbovu, na sababu yake si maadili tu. Mwajiri mpya anapompigia mwajiri wa zamani, mara nyingi anachothibitishiwa ni vitu viwili: cheo na tarehe za kuanza na kuondoka. Hapo watu wanapopenda kupachezea ndipo panapokaguliwa kwa urahisi kuliko pengine pote. Na "mshauri" huyo akiombwa amtaje mteja mmoja, atamtaja nani?

Dawa ni mstari mmoja, uliowekwa mahali pake kwenye mfuatano wa kazi:

"Julai 2021 – Agosti 2022: Nilimuuguza mzazi nyumbani. Jukumu hilo limekwisha."

Inatosha. Hana haja ya kutaja ugonjwa wala kusimulia hali ya familia. Sentensi ya pili ndiyo yenye uzito, kwa kuwa anachotaka kujua mwajiri ni kama utaweza kufika kazini. Lakini iandikwe tu ikiwa ni kweli. Pengo la mwezi mmoja au miwili kati ya kazi na kazi, kwa maoni yangu, halihitaji maelezo kabisa.

Tulipozungumza zaidi, ikabainika kuwa katika miezi hiyo alikuwa akitunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 22, bila malipo. Hilo lilistahili kuandikwa, nalo hakuliandika kwa kudhani kwamba kazi isiyo na mshahara si kazi. Tuliliweka hivi: "Mtunza hesabu wa kujitolea, kikundi cha wanachama 22." Neno "kujitolea" halikuondolewa, maana likiondoka, msomaji ataamini ilikuwa ajira.

Upande wa mafanikio tatizo lilikuwa kinyume chake. Mtu huyu alijipunja. Chini ya kazi ya stoo aliandika "Nilihusika na utunzaji wa bidhaa", maneno ambayo mtunza stoo yeyote angeweza kuyaandika. Nikamuuliza: ulipoondoka, ni kitu gani kilikuwa tofauti na siku uliyoingia? Akafikiri, kisha akasema kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi kulikuwa kukichukua siku tatu, na kukafikia siku moja. Kwa nini? Kwa sababu yeye na mwenzake walipanga rafu zifuate mpangilio uleule wa daftari, hivyo mhesabuji hakurudi nyuma kutafuta.

Mstari mpya ukawa: "Pamoja na mwenzangu, nilipanga upya rafu zifuate mpangilio wa daftari; hesabu ya mwisho wa mwezi ikapungua kutoka siku 3 hadi siku 1."

Alitamani kufuta "pamoja na mwenzangu" na kuweka "niliongoza". Hakuongoza. Alitaka pia kuandika "asilimia 67", na hesabu yenyewe ni sahihi, ila siku tatu kuwa siku moja zinaeleweka bila kikokotoo na hazinuki kujikweza. Asingekuwa na kipimo cha namna hiyo, angeeleza ukubwa wa kazi: aina ngapi za bidhaa, mara ngapi kwa mwezi, alikabidhi ripoti kwa nani. Tarakimu ya kukisia isiingie. Ukiulizwa umeipataje, lazima uwe na jibu.

Likabaki suala la masomo. Alianza stashahada ya uhasibu ya miaka miwili akaishia mwaka wa kwanza, na kwenye wasifu ilisomeka "Stashahada ya Uhasibu" tu. Msomaji angeelewa kuwa ametunukiwa. Tukaandika: "Stashahada ya Uhasibu, haijakamilika, mwaka wa 1 kati ya 2 nimemaliza." Mwaka mmoja wa uhasibu pamoja na hesabu za kikundi ni kitu cha kuonyesha kwa anayeomba kazi ya stoo, na matokeo ya mwaka huo anayo mkononi.

Cheo alikiacha kama kilivyo kwenye barua ya ajira, "karani wa mauzo", ingawa kwa vitendo husimamia pia stoo ndogo ya duka. Jukumu hilo tuliliandika chini ya cheo, likiwa la kwanza kwenye orodha.